Barua Inayoomba Kidogo

Barua ya kuomba data ikifika wizarani, mtu wa kwanza kuishika hana haja ya kujua inasema nini. Masjala wanaigonga mhuri wa kupokelewa, wanaitafutia jalada, wanaipa namba ya folio, na jalada linapanda ngazi hadi kwa Katibu Mkuu. Huko huandikwa maneno machache pembeni na jalada linashuka: kwa mkurugenzi, kwa mkurugenzi msaidizi, hadi kwa afisa mmoja ambaye meza yake tayari imejaa. Afisa huyo ndiye wa kwanza kuisoma yote. Kazi yake ni kuandika dokezo la kurudi juu: mwombaji ni nani, anataka nini, sheria inasemaje, na ushauri wake ni upi. Waliomo kazini wanajua kuwa barua huponea au kufia kwenye dokezo hilo.

Ndiyo maana barua nzuri ya aina hii huandikwa kwa ajili ya yule afisa. Mtafiti asiye mzoefu humwandikia profesa wake, akaeleza ukubwa wa tatizo duniani na upungufu wa maandiko yaliyotangulia. Mzoefu anamfikiria mtu atakayeulizwa kesho na bosi wake: “Wewe uliyeshauri tuwape, ulijuaje kwamba majina ya akina mama hayatavuja?” Anaandika ili mtu huyo awe na la kujibu.

Ninayo mbele yangu barua moja ya namna hiyo, ya kurasa 2 na viambatisho 3, ambayo nimeirudia mara kwa mara kwa jinsi ilivyofumwa. Majina ya waombaji na ya hospitali nayaacha. Swali lao ni hili: mama anayefika hospitali ya rufaa ya mkoa na kuishia kufanyiwa upasuaji wa dharura wa kujifungua, anasubiri muda gani tangu afike mpaka upasuaji uanze, na je, anayefika usiku husubiri zaidi? Walitaka kumbukumbu za miaka 2, kuanzia 1 Januari 2023 hadi 31 Desemba 2024, katika hospitali 3.

Ustadi unaanza kwenye anwani. Barua imeelekezwa kwa Katibu Mkuu, Wizara ya Afya, na kupitishwa kwa mkuu wa taasisi ya waombaji. Hospitali za rufaa za mikoa ziko chini ya wizara hiyo. Hospitali za wilaya, vituo vya afya na zahanati ziko chini ya Ofisi ya Rais – TAMISEMI kupitia halmashauri. Mtafiti angependa kumfuata mama tangu zahanati alikoanzia safari. Lakini angeweka zahanati hata moja, barua ingehitaji ofisi mbili kuu zikubaliane, kisha Katibu Tawala wa Mkoa, mkurugenzi wa halmashauri na mganga mkuu wa wilaya kila mmoja aandike ya kwake. Waombaji wakajiuliza kama swali lao linasimama bila zahanati. Lilisimama, wakaliacha eneo lile. Mipaka ya utafiti ilifuata swali, na njia ya barua ikawa moja.

Kichwa cha habari nacho kimepimwa. Wengi huandika “Yah: Ombi la kibali cha utafiti”, na jalada likifunguliwa miezi 6 baadaye hakuna anayekumbuka ni utafiti upi. Hii inasema: “Yah: Ombi la kupatiwa taarifa zisizo na utambulisho za upasuaji wa dharura wa kujifungua, hospitali tatu za rufaa, 2023–2024.” Kitu kinachoombwa, mahali na kipindi vimo vyote, na neno linalomtuliza msomaji limetangulia. Baada ya “tafadhali husika na somo tajwa hapo juu”, aya ya kwanza ina sentensi 3 tu: sisi ni nani, tunaomba nini, tunahitaji jibu la namna gani. Afisa anaweza kuinakili kwenye dokezo bila kubadili neno.

Aya ya lengo ndiyo inayowashinda wengi. “Matokeo yatasaidia kuboresha afya ya mama na mtoto” ni sentensi isiyoweza kukataliwa, na kwa sababu hiyo haimsaidii afisa hata kidogo; kila mwombaji huiandika. Barua hii imetaja uamuzi ambao matokeo yataugusa: mpangilio wa zamu za usiku za chumba cha upasuaji, na idadi ya wataalamu wa usingizi wanaobaki hospitali au wanaoitwa kutoka nyumbani. Sasa mkurugenzi anayeisoma anaona mezani kwake mwenyewe jambo litakalojibiwa. Lengo likiwa jembamba hivyo, kila kinachoombwa baadaye kinaweza kupimwa kwalo: je, hiki kinahitajika ili kujua muda wa kusubiri? Kama hakihitajiki, kinafuata nini hapa?

Tukifungua kiambatisho cha kwanza tunaona kipimo hicho kikifanya kazi. Kitabu Na. 12 cha MTUHA, rejesta ya wodi ya wazazi, kina safu nyingi: jina, umri, anakotoka, mimba ya ngapi, njia ya kujifungua, uzito wa mtoto, hali ya mama na mtoto. Mtu mwenye tamaa angeomba kitabu chote, “tutachambua tutakachohitaji”. Barua imeomba vitu 6. Kundi la umri: chini ya 20, 20 hadi 34, 35 na kuendelea. Kama ni uzazi wa kwanza au la. Kama mama alikuja kwa rufaa. Zamu aliyofika, mchana au usiku. Muda kutoka kufika hadi upasuaji kuanza. Na kama mtoto alizaliwa hai. Hakuna kijiji, hakuna kata, hakuna tarehe. Kila kimoja kina mstari mmoja pembeni unaoeleza kinajibu sehemu ipi ya swali.

Kilichoachwa kinanivutia kuliko kilichowekwa. Vifo vya akina mama havimo, ingawa ni jambo ambalo mtafiti yeyote wa uzazi angependa kuligusa. Sababu imeandikwa wazi: katika hospitali moja, ndani ya kundi dogo la umri, kifo huwa ni tukio la nadra kiasi kwamba wakunga waliokuwapo wanakumbuka jina, na ndugu vilevile. Ukitaja mama wa miaka 43, mapacha, aliyefika usiku fulani wa Aprili, umeshamtaja hata kama hukuandika jina lake. Kuondoa majina peke yake hakumfichi mtu. Muunganiko wa mambo madogo ndio unaomfichua. Barua hii inaonyesha kuwa waandishi wake wanalijua hilo kabla hawajaulizwa.

Sasa tunafika palipo pagumu, na ndipo mafundi wanapojulikana. Saa ya mama kufika imo kwenye rejesta ya wodi. Saa ya upasuaji kuanza imo kwenye rejesta ya chumba cha upasuaji. Ili kupata muda kati ya hizo mbili lazima rejesta zioanishwe, na kinachoziunganisha ni jina au namba ya hospitali ya mama. Yaani data isiyo na utambulisho haiwezi kupatikana bila mtu fulani kushika utambulisho. Barua nyingi hukipita kitendawili hiki kimya kimya, na afisa makini hukiona hapohapo: mnasema hamtaki majina, mtaunganishaje?

Aya ya 4 imekijibu hivi: “Uoanishaji wa rejesta utafanywa ndani ya hospitali na afisa wa kumbukumbu za afya aliyeteuliwa na Mganga Mfawidhi, kwenye kompyuta ya hospitali. Baada ya kuoanisha, kila rekodi itapewa namba ya utafiti isiyotokana na namba ya hospitali. Orodha inayounganisha namba hizo mbili itabaki kwa Mganga Mfawidhi na haitakabidhiwa kwa watafiti wakati wowote.” Tazama jinsi kila sentensi ilivyo na mtendaji, mahali na kikomo. Mtafiti amejifungia mlango mwenyewe: hata akija kutaka kurudi kwenye jina, hana njia. Na maneno “isiyotokana na namba ya hospitali” yana uzito wake, kwa kuwa wapo wanaogeuza tu tarakimu za namba ya zamani na kudhani wameificha.

Uamuzi huo una gharama yake, na barua haikuikwepa. Saa kwenye rejesta za kwetu zina mitego. Muuguzi wa wodi anaweza kuandika saa 3:20 akimaanisha saa tatu na dakika ishirini za usiku, na mwenzake wa chumba cha upasuaji akaandika 23:05 kwa saa ishirini na nne. Anayesoma ile ya kwanza kama saa tisa na dakika ishirini za usiku atapata kwamba mama alisubiri saa 19 na dakika 45. Ukweli ni kwamba alifika 21:20 na alisubiri saa 1 na dakika 45. Kwa utafiti unaopima muda wa kusubiri, kosa hilo likijirudia linaharibu kila kitu, na kishawishi cha kuomba saa na tarehe halisi ili watafiti wazikague wenyewe ni kikubwa.

Wao walichagua njia nyingine. Kiambatisho cha pili ni ukurasa mmoja wa kanuni za kusoma saa, zilizoandikwa kwa ajili ya afisa wa kumbukumbu: linganisha na zamu iliyoandikwa juu ya ukurasa; linganisha na saa ya mama aliyetangulia na anayefuata; kama bado haieleweki, andika “haijulikani” na usikisie. Mfanyakazi wa pili wa hospitali atahesabu upya rekodi 30, na hospitali itawapa watafiti idadi tu ya zile zilizotofautiana. Tofauti zikiwa nyingi, kazi inasimama na kanuni zinarekebishwa. Kwa hiyo watafiti wanapata kipimo cha ubora wa data bila kuiona data yenyewe, na barua inakiri kwamba baadhi ya rekodi zitapotea kwa kutojulikana.

Kazi hiyo inahitaji mikono, na mikono ni ya watumishi wa umma. Barua imekadiria siku 5 za kazi kwa kila hospitali, na kusema fedha za saa za ziada zitalipwa kwenye akaunti ya hospitali kwa utaratibu wake. Posho ya mkononi ingeharakisha mambo, kisha ingemweka afisa wa kumbukumbu mahali pabaya siku mkaguzi atakapouliza. Sentensi moja imemlinda afisa huyo na watafiti pia.

Aya ya ulinzi, ambayo kwa kawaida huwa na “zitatunzwa kwa usiri mkubwa” na basi, hapa inasomeka kama ratiba. Faili litakabidhiwa kwa mkono, kwenye diski iliyosimbwa, kwa fomu ya makabidhiano yenye saini mbili. Nywila itatumwa kwa njia tofauti. Halitapita WhatsApp wala barua pepe binafsi. Litakaa kwenye kompyuta moja ya taasisi, na watakaoweza kulifungua ni watu 2 waliotajwa kwa vyeo. Ikitokea kompyuta imepotea au mtu mwingine amelifungua, wizara itajulishwa kwa maandishi ndani ya saa 24, hata kabla uchunguzi haujakamilika. Faili litafutwa kabla ya 31 Desemba 2027. Ukitaka kuipima aya ya ulinzi ya mtu yeyote, uliza kila sentensi: nani, wapi, lini? Ile isiyojibu hata moja ni pambo.

Chuo cha ng'ambo kinachoshirikiana na waombaji kinaweza kuwa jiwe la kujikwaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na inaweka masharti kwa taarifa zinazopelekwa nje ya nchi. Wapo wanaoficha mshirika wa nje wakitumaini hataonekana. Ataonekana tu, jina lake likitokea kwenye bajeti. Barua imemtaja na kumpa mpaka: atapokea majedwali ya jumla, hatapokea rekodi hata moja.

Na hata majedwali yana siri zake. Kiambatisho cha tatu kinaonyesha mfano wenye namba za kubuni, na naupenda kwa uvumilivu wake. Tuseme hospitali moja ina watoto 19 waliozaliwa wafu: 2 kwa mama wa chini ya miaka 20, 11 kwa wa kati, 6 kwa wa miaka 35 na kuendelea. Kanuni yao ni kuficha idadi yoyote iliyo chini ya 5, kwa hiyo ile 2 inageuka kistari. Wengi huishia hapo. Lakini jumla bado ipo: 19 toa 11 toa 6, na ile 2 imerudi. Kwa hiyo inabidi kuficha kisanduku cha pili pia, ile 6, au kuunganisha makundi ya umri mpaka namba zitoshe. Mtu wa wizara ambaye hajawahi kufanya hesabu hiyo anaielewa kwa dakika 1, na baada ya hapo anaamini zaidi na mengine yaliyosemwa.

Kuna fundo moja ambalo barua peke yake haiwezi kulifungua. Utafiti wa afya unahitaji cheti cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na hapa waombaji walihitaji pia kuruhusiwa kutumia kumbukumbu bila kumwomba kila mama ridhaa, kwa kuwa hawatawajua na hawataweza kuwapata. Kamati ya maadili hupenda kuona kwamba mwenye data yuko radhi. Mwenye data naye hupenda kuona cheti. Kila upande ukimsubiri mwenzake, mwaka unapita. Barua imelikata fundo kwa kuomba kitu kidogo: idhini ya awali yenye sharti kwamba hakuna rekodi itakayotoka hospitali kabla cheti hakijawasilishwa na kuingizwa kwenye jalada lilelile. Wizara haijatoa data. Imesema tu kwamba haina pingamizi ikiwa kamati itaridhia. Hilo afisa anaweza kulishauri bila kukosa usingizi. Mwombaji ambaye ni mgeni angekuwa na hatua ya ziada, kibali cha COSTECH, na barua yake ingepaswa kusema kimefikia wapi.

Masharti yanayokuja na cheti yanajulikana kwa waliowahi kukipata: taarifa za maendeleo kila baada ya miezi 6, na idhini kabla ya kuchapisha matokeo. Barua imeyaahidi hayo kabla hayajadaiwa, ikaongeza lake: kila hospitali itapata matokeo yake yenyewe siku 60 kabla ya chapisho lolote, ili ione kilichosemwa kuihusu na iweze kusahihisha. Mganga mfawidhi anayejua kwamba hatajisoma kwa mara ya kwanza gazetini ana sababu ya kumtoa mtumishi wake kwa siku 5.

Haya yote hayaondoi udhaifu wa utafiti wenyewe. Bila zahanati, saa ambazo mama alipoteza njiani hazitaonekana. Bila tarehe, hakuna atakayeweza kusema kama mambo yalibadilika katikati ya kipindi. Bila vifo vya akina mama, matokeo mazito kuliko yote yamebaki nje. Waandishi wameyataja mambo haya matatu kwa sentensi mbili, bila kuomba radhi, na hawakuahidi kuja kuyaomba baadaye. Ahadi ya namna hiyo ingemwonyesha afisa kwamba ombi dogo ni chambo cha ombi kubwa.

Kibali kilipotoka kilikuwa na masharti 7. Matano yalikuwa sentensi za barua yenyewe, zimehamishwa kutoka aya ya 4 na ya 5 karibu neno kwa neno, “tutafanya” ikigeuka “mtafanya”. Mwandishi wa barua kama hii anajiandikia masharti yake, na kwa hiyo hana budi kuandika yale tu atakayoyaweza. Angesema atajulisha ndani ya saa 2, angefungwa na saa 2. Ndiyo maana kila namba kwenye barua hii ni ya mtu aliyekaa akahesabu watu wake, kompyuta yake na kalenda yake kabla ya kuiandika. Baada ya “Nawasilisha” na saini, imebaki barua moja ya kuandikwa, nayo tarehe yake ya mwisho inajulikana tayari: ile ya kuieleza wizara kwamba faili limefutwa, limefutwa na nani na siku gani, ili masjala wafunge jalada.